SOMO: BIMA YA JENGO NA BIMA YA MALI YA MPANGAJI

Vyama vingi vya ushirika vina majengo ambayo vyumba vyake hupangishwa. Baadhi ya wapangaji hudhani kwamba, maadamu chama kimekata bima ya jengo, mali zao nazo zimo katika bima hiyo. Dhana hiyo si sahihi, na kwa kawaida kosa lake hugunduliwa baada ya moto kuzimwa.

Msingi wa bima ni kwamba mtu hukatia bima kitu ambacho, kikiharibika, yeye ndiye apataye hasara. Kwa hiyo mwenye jengo hukatia bima kuta, paa, sakafu, milango na vitu vilivyofungwa humo daima. Mpangaji hukatia bima vitu vyake alivyoviingiza ndani. Hati moja haifanyi kazi ya nyingine.

Tuchukue mfano. Chama kina jengo ambalo kulijenga upya kungegharimu shilingi 80,000,000. Hati ya bima ya moto inataja shilingi 60,000,000 tu, kwa sababu kiasi hicho kiliandikwa miaka mingi iliyopita na hakikubadilishwa. Chumba cha mbele amepangishwa fundi cherehani kwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Jioni moja fundi anaondoka na kuacha pasi ya umeme ikiwaka juu ya kitambaa. Moto unateketeza chumba chake na sehemu ya paa. Matengenezo ya jengo yanahitaji shilingi 20,000,000.

Chama hakitalipwa kiasi hicho chote. Hati nyingi zina sharti la uwiano: jengo likikatiwa bima kwa robo tatu ya thamani yake, kila hasara nayo hulipwa robo tatu. Hapa kampuni italipa shilingi 15,000,000, na chama kitajitafutia 5,000,000 zilizobaki. Tena, chumba kikikaa miezi minne bila mpangaji, chama kitakosa kodi ya shilingi 1,200,000, isipokuwa kama hati ilitaja upotevu wa kodi. Ndiyo maana katibu hupaswa kupitia kiasi cha bima kila mwaka kwa kuangalia gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuzia. Kwa maana kiwanja hakiungui.

Sasa tumwangalie fundi. Vyerehani na vitambaa vyake vilikuwa na thamani ya shilingi 5,000,000. Bima ya chama haimlipi hata senti. Angekuwa na bima yake mwenyewe, vitu hivyo vingefidiwa; lakini hata hapo yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni nguo za wateja zilizokuwa zikisubiri kuchukuliwa. Hizo si mali yake, na huachwa nje ya bima kama hakuzitaja wakati wa kukata. La pili ni rafu na dari alizozijenga mwenyewe ukutani. Chama kinaweza kusema si zake, na kampuni ya fundi ikasema ni sehemu ya jengo. Dawa ni kuandika katika mkataba wa pango ni nani atakayezikatia bima.

Hasara ya fundi haiishii hapo. Katika Kenya na Tanzania, ambako misingi ya sheria ya bima imetokana na ile ya Kiingereza, kampuni iliyomlipa mwenye jengo inaweza kuchukua nafasi yake na kumdai aliyesababisha moto kwa uzembe. Hivyo fundi, ambaye ameshapoteza vyerehani, anaweza pia kudaiwa zile shilingi 15,000,000. Kinga yake ni bima ya dhima ya mpangaji kwa jengo, ambayo huweza kuongezwa katika bima ya mali zake. Njia nyingine ni chama kuiomba kampuni iandike katika hati kwamba haitawadai wapangaji.

Hatimaye, hati zote mbili zina mipaka. Bima ya moto ya kawaida hulipa hasara ya moto na radi. Mafuriko, ghasia na tetemeko huongezwa kwa malipo ya ziada. Uchakavu, mchwa na unyevu wa kuta havifidiwi. Bima ya wizi mara nyingi hudai pawepo alama za kuvunja: mlango ulioachwa wazi hauna fidia.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kama chama katika mfano huu kingekata bima ya shilingi 40,000,000, kingelipwa kiasi gani?
2. Jengo la chama chenu limekatiwa bima kwa kiasi gani, na kiasi hicho kiliandikwa mwaka gani?
3. Mkataba wenu wa pango unasema nini juu ya vitu ambavyo mpangaji amevijenga ndani?