Mteja Aliyekuja na Shida Moja: Maswali na Majibu kwa Wauzaji wa Vifaa vya Simu Buzuruga

Buzuruga, wilayani Ilemela, ipo kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Anayesafiri kwenda Magu, Bunda au Tarime anapita hapo, na hata wa Ukerewe anayezungukia Bunda ili avuke kwa kivuko cha Kisorya. Kwa hiyo duka la kava na chaja la eneo hili lina wateja wa aina mbili: jirani atakayerudi kesho na msafiri anayesikiliza honi ya gari lake. Maswali yafuatayo ndiyo yanayowasumbua wauzaji na wenye maduka kama hayo. Bei zote ni za mfano, ili hesabu ionekane.

Mwenye duka anataka niuze zaidi kwa kila mteja. Nianze na neno gani?

Kuna kazi mbili hapa, na kila moja ina maneno yake. Ya kwanza ni kumpandisha daraja: amekuja kwa protekta ya kawaida, unamwonyesha ile inayofunika kioo kizima. Ya pili ni kumwongezea: amenunua protekta, unampendekezea kava. Usizifanye zote mbili kwa mteja mmoja kwa wakati mmoja, maana ataona unamvua hela.

Neno la kuacha ni "Kingine?" Swali hilo linajibiwa "hapana" kabla mtu hajafikiri. Anza na swali la matumizi, linalohusu kitu ulichokiona au alichokisema: "Simu hii huwa inaanguka?" "Unachajia nyumbani au kazini?" "Unasafiri leo?" Akishajibu, taja kitu kimoja, sababu moja iliyotoka kwenye jibu lake, na bei. Kisha nyamaza. Muuzaji anayeendelea kuongea baada ya kutaja bei huwa anaanza kuipunguza mwenyewe.

Wakati mzuri wa kupendekeza ni upi?

Ni pale mteja ameshakubali kitu alichokuja kukinunua, lakini hajalipa. Ukipendekeza mapema anachanganyikiwa na kuondoka bila chochote. Akishaingiza Lipa Namba na kusoma ujumbe wa muamala, moyoni ameshatoka dukani.

Kwenye protekta nafasi ni nzuri zaidi, kwa sababu simu iko mkononi mwako kwa dakika kadhaa. Unafuta kioo kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, unanasa vumbi kwa stika, unalaza protekta kuanzia juu na kusukuma hewa itoke pembeni. Huku ukifanya hivyo, angalia pembe nne. Pembe ikiwa imebonyea, simu imeshaanguka, na protekta haikingi pembe. Hapo una la kusema kwa haki: "Kaka, naona imepigwa hapa pembeni. Protekta inalinda kioo kwa mbele tu. Kava hii ina pembe nene, 7,000." Kama pembe ni safi na kava yake ni nzima, funga kazi, pokea hela, shukuru.

Tupe mfano wa mazungumzo yote, mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mama aliyefika kununua waya wa chaja.

— Shikamoo mama, karibu.
— Marahaba mwanangu. Nipe waya wa chaja, huu umekufa.
— Simu unayo, mama? Nione tundu lake. Na kichwa cha chaja unacho?

Maswali haya mawili ndiyo yanayofanya kazi. Tundu ni Taipu C. Muuzaji anachomeka waya mpya kwenye kichwa cha mama, simu inaanza kuchaji. Kisha anasoma maandishi madogo kwenye kile kichwa: 5V 1A.

— Mama, huwa inachukua muda gani kujaa?
— Ee, naiweka tangu jioni, mpaka nalala bado.
— Waya mpya utafanya kazi, huu hapa, 4,000. Ila kichwa chako kinatoa umeme kidogo. Betri ya simu hii ni kubwa, itachukua kama saa tano. Hiki cha 2A kitapunguza muda ufike kama saa tatu. Kichwa ni 8,000.

Kisha ananyamaza. Mama akisema "nipe vyote", sawa. Akisema "waya tu kwanza", anapewa waya, tena kwa uso uleule.

Zingatia mambo mawili. Muuzaji hakusema waya peke yake hautafaa, kwa sababu ungefaa. Na ahadi ya saa tatu ina msingi: kichwa cha 5V 1A kinatoa wati 5, cha 5V 2A kinatoa wati 10. Betri ya 5000mAh inabeba kiasi cha wati-saa 19, na umeme mwingine hupotea njiani kama joto.

Basi si nimuuzie kichwa chenye nguvu zaidi, cha wati 33? Kina faida kubwa.

Muuzie ikiwa simu yake inapokea umeme huo. Simu ndiyo inayoamua ivute umeme kiasi gani. Simu iliyotengenezwa kuchaji kwa wati 10 itavuta wati 10 hata ukiichomeka kwenye kichwa cha wati 33. Haitaungua, lakini haitajaa haraka kama ulivyoahidi. Pia kampuni za simu zina mifumo tofauti ya chaji ya haraka, hivyo kichwa cha kampuni moja kinaweza kuchaji simu ya kampuni nyingine kwa mwendo wa kawaida tu. Chomeka mbele ya mteja, muone pamoja kama skrini inaonyesha chaji ya haraka. Isipoonyesha, rudi kwenye kichwa cha bei ya chini.

Nimempunguzia mteja ili achukue vyote viwili. Nimekosea?

Hesabu kwenye faida, si kwenye bei. Tuseme waya umeununua 2,500 na kichwa 5,500. Kwa 4,000 na 8,000, mteja analipa 12,000 na faida yako ni 4,000. Kwa waya peke yake ungepata 1,500. Ukipunguza 1,000, mteja ameona punguzo dogo kwenye 12,000, lakini wewe umetoa robo ya faida. Bado unapata 3,000, kwa hiyo inaweza kuwa na maana, ila lisiwe neno la kwanza. Subiri aombe. Akiomba, weka sharti: "Ukichukua vyote nakupunguzia 500." Punguzo lifuate kitu cha pili, lisitolewe kwa kile ambacho angekinunua hata hivyo.

Wavuvi wanaulizia pawabenki. Niwapandishe hadi ya 20000?

Uliza kwanza: "Unakaa siku ngapi bila umeme?" Jibu linachagua bidhaa.

Pawabenki ya 10000mAh haijazi simu ya 5000mAh mara mbili, ingawa mteja atagawanya hivyo. Namba ile ni ya betri ya ndani, na umeme unapobadilishwa ili uingie kwenye simu sehemu yake hupotea. Tarajia mara moja na nusu hivi, ikiwa bidhaa ni ya kweli. Ya 20000 itajaza karibu mara tatu.

Mvuvi wa Igombe anayelala nyumbani kila siku inamtosha ya 10000, na ukimpandisha umemchukulia hela yake bure. Anayekaa kisiwani siku tatu, simu ikiisha kila siku, anaondoka nayo ikiwa imejaa na atahitaji kuijaza mara mbili. Hapo ya 10000 haifiki, na maneno yako ni mepesi: "Kwa siku tatu hii ndogo itakuacha njiani. Kubwa itakufikisha." Mwambie pia upande wa pili: ya 20000 kwa kichwa cha 2A inajaa kwa usiku mzima, hivyo aichomeke mapema kabla ya safari.

Mfuko wa plastiki wa kuzuia maji ni kiongezo halali kwa mtu wa ziwani. Mfundishe kuupima: aweke tishu ndani bila simu, aufunge, auzamishe kwenye beseni. Tishu ikitoka kavu, mfuko ni mzima. Usimwambie simu inaweza kukaa majini. Mwambie unakinga mawimbi yanayoruka na kudondoka kwa bahati mbaya.

Mteja akisema "hapana" au "nitarudi"?

Pendekezo moja, hapana moja, basi. Kuna jambo moja tu la kutofautisha. Akisema "ghali", hajakataa kitu, amekataa bei. Mwonyeshe cha daraja la chini mara moja. Akisema "sihitaji" au "nitarudi", jibu "Sawa dada, karibu tena." Mteja akinyoosha mkono kuchukua simu yake au akitazama barabarani, mazungumzo yameisha. Msafiri ambaye gari lake linaita abiria mpe alichotaka na chenji yake.

Nikisema "oginali" inauza haraka. Kuna ubaya?

Kama si oginali, ni uongo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Sema "kopi nzuri, nakupa siku saba ukiona tatizo", kama kweli utazitoa siku hizo. Uangalifu zaidi uwe kwenye memori kadi. Kadi bandia inaweza kuonyesha 64GB kwenye skrini huku uwezo wake ukiwa sehemu ndogo tu ya hiyo; picha zinaharibika baada ya uwezo huo kujaa. Kila mzigo mpya, jaza kadi moja kwa mafaili mpaka mwisho na uyafungue. Yasipofunguka, rudisha mzigo.

Mimi ni mwenye duka. Nitajuaje kama maneno haya yanafanya kazi?

Daftari lenye safu nne: wateja walionunua, waliopewa pendekezo, waliokubali, na waliorudisha. Wengi wakipendekezewa na wachache wakakubali, swali la matumizi linarukwa. Wengi wakikubali kisha wakarudisha, kijana wako anasukuma vitu visivyofaa, na safu ya mauzo pekee isingekuonyesha. Kwa hiyo kamisheni ya kiongezo ilipe baada ya siku za kurudisha kupita, na kilichorudi kisihesabiwe. Ukimlipa siku hiyohiyo kwa kila kilichotoka, unamlipa asukume.

Wauzaji, anzeni kesho na swali moja tu la matumizi kwa kila mteja, na pendekezeni kile tu ambacho jibu lake limekihitaji. Jirani aliyeuziwa kinachomfaa atarudi, na ndiye anayelipa kodi ya fremu.