Namna ya Kuunganisha Mabomba ya PPR kwa Joto

Bomba la PPR la milimita 20 huunganishwa kwa mashine iliyofikia nyuzi 260 za Selsiasi. Fundi hulikata sawasawa, hulikausha na kulitia alama milimita 14 kutoka ukingoni. Bomba na fitingi vikishaingia kwenye mashine hadi alama, huhesabu sekunde 5, kisha huviunganisha ndani ya sekunde 4 bila kuvizungusha. Kiungo huachwa dakika 2 bila kuguswa.

Tone la maji hugeuka mvuke na kuacha tundu. Kuzungusha hudhoofisha mshiko. Karibu na bandari, upepo wa bahari hupoza plastiki kabla haijashikana, hivyo kazi ikingwe. Kasoro hizo huvuja baadaye; mwenye nyumba ahakikishe mabomba yamejaribiwa kwa shinikizo kabla ya plasta.