Jumla zimelingana, ila mauzo hayajalingana: namna ya kulinganisha taarifa ya miamala ya simu na daftari

Wafanyabiashara wenzangu, wengi wetu mwisho wa wiki tunafanya hivi: tunajumlisha daftari, tunajumlisha hela iliyoingia kwenye simu, tukiona namba ni moja tunafunga daftari na kulala. Leo nataka nikuonyeshe kwa nini hiyo haitoshi, kwa hesabu ya wiki moja ya dada jirani yangu hapa Issuna anayeuza asali na mafuta ya alizeti mtandaoni. Mzigo wake anaupakia kwenye basi linalopita barabara ya Singida kwenda Manyoni, na wateja wake karibu wote wanalipa kwa simu. Aliniomba nimkagulie. Bei nimezizungusha kidogo ili uzifuate kirahisi.

Daftari lake la wiki lilikuwa hivi, na pembeni ni herufi tano za mwisho za kumbukumbu namba ya muamala:

1. Jumatatu, asali lita 3: 45,000 (K7T2M)
2. Jumatatu, mafuta lita 5: 35,000 (P4C9A)
3. Jumanne usiku, mafuta ndoo ya lita 20: 130,000 (V2E6J)
4. Jumatano, asali lita 2: 30,000 (9QX4D)
5. Jumatano, mafuta lita 5: 35,000 (5HT2W)
6. Alhamisi, asali lita 2: 30,000 (9QX4D)
7. Ijumaa, asali lita 3: 45,000 (M8R3F)
8. Jumamosi, mafuta lita 5: 35,000 (3BN7L)

Jumla ni 385,000. Na taarifa ya miamala ya simu yake, upande wa hela iliyoingia wiki hiyo hiyo, nayo ilisoma 385,000. Mistari minane huku, mistari minane kule. Ungesema nini? Lakini humo ndani kulikuwa na makosa manne.

Kwanza, pata taarifa kamili

Ile taarifa fupi unayoipata kwenye menyu ya simu, mfano ukipiga *150*00#, inaonyesha miamala michache tu ya mwisho. Haitoshi kwa kazi hii. Chukua taarifa kamili ya tarehe unazozitaka, kwenye programu ya mtandao wako au kwenye duka la huduma kwa wateja. Kama una laini mbili za biashara, chukua za laini zote mbili.

Kabla hujalinganisha chochote, hakikisha taarifa haina ukurasa uliopotea. Chukua salio la mwanzo, ongeza yote yaliyoingia, toa yote yaliyotoka pamoja na makato. Lazima upate salio la mwisho. Usipolipata, kuna mistari huna, na kazi yote itakayofuata itakuwa bure.

Angalia pia upande wa hela iliyotoka. Muamala ukirudishwa kwa mteja, mara nyingi ule mstari wa kuingia unabaki palepale, na kurudishwa kunaandikwa kwenye mstari mwingine kama hela iliyotoka. Ukisoma upande wa kuingia peke yake, utadhani umelipwa.

Pili, linganisha kwa kumbukumbu namba, usianze na kiasi

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunashika kiasi: "35,000 ipo? Ipo. Weka tiki." Sasa rudi kwenye daftari la dada yetu: 35,000 zipo tatu na 30,000 zipo mbili. Bei zetu zinajirudia, kwa hiyo kiasi hakiwezi kukuambia ni malipo ya nani. Kumbukumbu namba haijirudii. Kila muamala una yake.

Shika kalamu mbili za rangi tofauti. Soma namba ya mstari wa kwanza wa daftari, itafute kwenye taarifa, ukiiona weka tiki pande zote mbili. Ukishatia tiki mstari wa taarifa, umeshatumika, hauwezi kutumika tena kwa mauzo mengine. Kanuni hiyo moja ndiyo inayofichua marudio.

Mstari wa 3 ulitusumbua kidogo. Daftari lilisema Jumanne, taarifa ikasema Jumatano 00:40. Hilo si kosa. Sisi tunasema saa 6 na dakika 40 usiku, na usiku huo kwetu bado ni Jumanne. Mtandao unabadilisha tarehe saa 6 kamili za usiku, na unaandika saa kwa mtindo wa 24. Kwa hiyo saa 2 usiku ya daftari lako itafute kwenye 20:00, na malipo ya usiku sana yatafute tarehe inayofuata. Kama namba ni ile ile, tia tiki uendelee.

Jambo jingine dogo: herufi O na sifuri, herufi I na moja, zinachanganya kwenye mwandiko. Namba ikikataa kwa herufi moja tu wakati kiasi, jina na muda vinakubali, huenda ni mwandiko. Na mteja akituma kutoka mtandao mwingine, namba iliyo kwenye meseji yake inaweza kuwa tofauti na iliyo kwenye meseji yako. Andika daftarini ile iliyoingia kwenye simu yako, siyo anayokutumia yeye.

Kama unaandika kwenye Excel ya simu, weka namba nzima za taarifa safu A na za daftari safu B. Panga safu zote mbili kuwa maandishi kabla ya kubandika. Halafu kwenye safu C, D na E, ukianzia mstari wa 2, weka fomula hizi na uziburute chini:

```
=COUNTIF(B:B,B2)
=COUNTIF(A:A,B2)
=COUNTIF(B:B,A2)
```

Ya kwanza ikitoa 2, umeandika muamala mmoja mara mbili daftarini. Ya pili ikitoa 0, umeandika mauzo ambayo hela yake haipo kwenye taarifa. Ya tatu ikitoa 0, kuna hela imeingia na daftarini haimo.

Tatu, vilivyobaki bila tiki

Tulipomaliza, mistari sita ilikubaliana, jumla 320,000. Ikabaki mistari miwili ya daftari na miwili ya taarifa. Twende mmoja mmoja.

*Daftari, mstari wa 6, asali 30,000.* Namba yake 9QX4D ni ile ile ya mstari wa 4. Mauzo yaliandikwa Jumatano hela ilipoingia, na msaidizi wake akayaandika tena Alhamisi mzigo ulipopanda basi. Asali iliyotoka ni lita 2, siyo 4. Kata mstari wa 6 kwa mstari mmoja unaosomeka, andika pembeni "umerudiwa, tazama na. 4". Usifute kabisa, maana kesho utajiuliza.

*Taarifa, Jumatano, 35,000.* Mteja wa mstari wa 5 alionekana mara mbili: namba moja ya simu, kiasi kimoja, dakika tatu kati yake, ila kumbukumbu namba mbili tofauti, 5HT2W na 5HT8R. Hapa shika tofauti hii vizuri. Kumbukumbu namba moja ikitokea mara mbili daftarini, hela ni moja, kosa ni la kuandika. Kumbukumbu namba mbili tofauti kwenye taarifa, hela ni mbili kweli, mteja kalipa mara mbili. Huenda mtandao ulikuwa mzito, akadhani haijaenda. Hiyo 35,000 siyo mauzo, ni deni lako kwake.

Kumrudishia nako kuna utaratibu. Mpigie kwanza umuulize kama ameshaomba mtandao umrudishie, kisha tazama salio na taarifa mpya. Asipokuwa ameomba, rudisha kwenye namba ile ile iliyolipa, siyo "namba ya kaka yangu". Ukirudisha huku na mtandao nao ukarudisha kule, umelipa mara mbili.

*Taarifa, Jumapili, 30,000.* Daftarini hakuna. Ukilinganisha kwa kiasi, ungeipachika kwenye ule mstari wa 6 uliorudiwa na kila kitu kingeonekana safi. Alipopiga namba ile, alikuwa mteja wa Manyoni aliyeagiza asali lita 2 kwenye WhatsApp, amelipa, anasubiri mzigo wake. Oda ilizama chini ya meseji nyingine. Hili ndilo linalouma kwenye biashara ya mtandaoni: mteja aliyelipa akisubiri siku tano kimya, anaanza kukuita tapeli, na wewe hujui hata kwamba yupo. Mstari uliobaki unaweza pia kuwa hela ya ndugu au ya kikundi. Uliza, usibahatishe.

*Daftari, mstari wa 8, mafuta 35,000.* Namba 3BN7L haipo popote. Kabla ya kumwita mtu mwizi, tulitazama siku ya kabla na siku ya baada, tukatazama laini yake ya pili, tukatazama hela zilizorudishwa. Hakuna. Mteja alikuwa ametuma picha ya skrini ya meseji ya malipo, na mafuta yakapakiwa kwa kuamini picha. Hii nayo, kwa kiasi, ingejificha nyuma ya ile 35,000 iliyolipwa mara mbili Jumatano. Kwa hali kama hii, piga huduma kwa wateja ya mtandao uwatajie kumbukumbu namba. Watakuambia kama muamala huo upo. Na meseji au namba ya tapeli unaweza kuiripoti bure kwa kutuma kwenda 15040.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni hii. Kwenye simu iliingia 385,000: mauzo yaliyokamilika 320,000, asali ya Manyoni inayosubiri basi 30,000, na hela ya mtu 35,000. Na mafuta lita 5 yameondoka bila kulipwa. Jumla mbili zililingana kwa sababu makosa mawili ya daftari yalikuwa na kiasi sawa na makosa mawili ya taarifa. Jumla inaona tofauti tu, haioni makosa yanayofutana.

Kuna kitu njia hii haiwezi kukuonyesha: mauzo ya taslimu, na mzigo uliotoka bila kuandikwa na bila kulipiwa kwa simu. Hivyo hesabu chupa na ndoo zilizobaki stoo.

Dada yetu sasa anakagua kila Jumapili jioni, maana mistari minane mtu anaikumbuka, ya mwezi mzima huikumbuki. Na daftari lake limeongezwa safu mbili: kumbukumbu namba, na "imeonekana kwenye simu yangu". Safu ya pili ikiwa tupu, ndoo haipandi basi.