Rangi Inavuja Nje ya Mistari

Swali: Nimegeuza picha ya uso kuwa mchoro wa mistari kwenye GIMP. Nikimwaga rangi shavuni, inavuja hadi shingoni, na kando ya mistari hubaki weupe. Nifanyeje?

Jibu: Rangi huvuja kwa sababu mstari wa kidevu umekatika. Ukuze picha, uzibe pengo kwa brashi nyeusi kwanza. Weupe hutokana na kingo za mstari zilizo kijivu, ambako rangi huishia. Weka mistari tabaka la juu, hali ya Multiply, na tabaka jeupe chini yake. Teua shavu kwenye mistari, panua uteuzi kwa Grow pikseli 2, kisha jaza tabaka la chini. Rangi itaingia chini ya mstari. Usimwage rangi kamwe kwenye tabaka la mistari.