Mchepuko wa Boriti Kentileva: Maswali na Majibu

Boriti kentileva ni ipi, na nini hutafutwa?

Ni boriti iliyozamishwa ukutani au katika nguzo kwa ncha moja, huku ncha ya pili ikiachwa huru bila egemeo lolote, kama ilivyo kwa boriti za baraza. Inapobebeshwa mzigo huinama, na umbali ambao kila nukta yake hushuka kutoka mahali pake pa awali ndio mchepuko, unaoandikwa hapa kwa herufi y, ambayo huhesabiwa kuwa chanya kuelekea juu.

Mfano utakaofuatwa ni boriti ya chuma yenye urefu L wa mita 2, inayobeba mzigo P wa kN 5 kwenye ncha huru. Ukinzani wake dhidi ya kupinda, EI, ni zao la moduli ya unyumbufu ya chuma, GPa 200, na momenti ya pili ya eneo la mkato, 8 × 10⁻⁶ m⁴, yaani kNm² 1,600.

Kwa nini intigrali hutafutwa mara mbili?

Kwa sababu kinachojulikana kwanza ni momenti ya kupinda M, ambayo huamua mkunjo wa boriti katika kila nukta kwa mlinganyo EI y″ = M; intigrali ya kwanza hutoa mteremko y′, na ya pili hutoa mchepuko wenyewe. Kila hatua huleta kisobadilika kimoja ambacho mzigo hauwezi kukitaja, kwa kuwa mzigo hueleza boriti inavyopinda lakini hauelezi imeshikiliwa wapi. Hilo huelezwa na masharti ya mipaka.

Masharti hayo hutumikaje katika mfano huu?

Iwapo x itapimwa kutoka ncha huru, mzigo wa kushuka huipa boriti momenti hasi, M = −Px, na intigrali mbili hutoa:

EI y′ = −Px²/2 + C₁

EI y = −Px³/6 + C₁x + C₂

Ukuta hauruhusu boriti kuzunguka wala kushuka, kwa hiyo masharti yote mawili yako ukutani, ambako x = L: mteremko ni sifuri na mchepuko ni sifuri. Sharti la kwanza hutoa C₁ = PL²/2, yaani 10, na la pili hutoa C₂ = −PL³/3, yaani −13.33. Katika ncha huru x ni sifuri, hivyo hubaki C₂ peke yake, na y = −13.33/1,600, ambayo ni mshuko wa milimita 8.3.

Kosa linalojitokeza zaidi ni lipi, na hutambulikaje?

Ni kufuta C₁ na C₂ kwa mazoea. Ufutaji huo ni halali pale tu x inapopimwa kutoka ukutani, ambapo M = −P(L − x) na masharti yote mawili huangukia x = 0; mwanafunzi aliyekariri matokeo hayo huyahamishia kwenye hesabu iliyoanzia ncha huru, na huko huharibu kila kitu. Njia ya kulibaini ni kurudisha x = L katika milinganyo iliyopatikana: katika mfano huu, visobadilika vikifutwa, ncha huru haishuki hata kidogo, ilhali boriti inaonekana kushuka milimita 4.2 ndani ya ukuta na kuinama hapo kwa radiani 0.00625. Hakuna ukuta wa namna hiyo, na mchoro wa haraka wa umbo la boriti ungelifichua kosa mara moja.

Kosa la pili ni kuweka y = 0 kwenye ncha zote mbili, sharti ambalo ni la boriti iliyoegemezwa pande zote mbili.

Je, ukuta usipokuwa mgumu kabisa?

Hapa ndipo sharti la mteremko hustahili kutiliwa shaka, kwa kuwa ni dai kuhusu kiungo halisi cha bolti au zege, si kanuni ya hisabati. Kiungo kikizunguka kwa radiani 0.001 tu kuelekea upande wa mzigo, sharti la mteremko hubadilika kutoka sifuri na kuwa 0.001, C₁ huongezeka kwa EI × 0.001, na ncha huru hushuka milimita 2 zaidi, hata kufikia 10.3, ilhali intigrali zenyewe hazibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo kipimo cha kiwandani kinapozidi hesabu kwa kiasi cha namna hii, ni busara kukagua bolti za kiungo kabla ya kuishuku moduli ya chuma.