Pato Sawa, Maisha Mbali Mbali

Mara nyingi tukitaka kujua nani ana hali njema na nani ana dhiki, huuliza swali moja tu: "Anapata kiasi gani?" Swali hili si la upuuzi, maana asiye na fedha hukosa mengi. Lakini je, watu wawili wenye pato sawa wana hali sawa? Na tukitaka kutenda haki kati yao, yatosha kutazama mifuko yao? Hebu tulichungue jambo hili kwa mfano.

Tuwafikirie mafundi cherehani wawili, Juma na Ali. Kila mmoja hupata shilingi 300,000 kwa mwezi. Juma huenda kazini kwa miguu. Ali amepooza miguu, naye hutumia kiti cha magurudumu. Njia ya kazini ni ya mchanga, kiti hakipiti. Kwa hiyo hukodi gari kwa shilingi 4,000 kwenda na kurudi. Kwa siku 25 za kazi hulipa shilingi 100,000. Katika daftari la mapato wawili hawa ni sawa kabisa, lakini Ali akiisha kulipa safari za kazini tu, hubakiwa na shilingi 200,000. Tena yako mambo ambayo fedha zake haziyatengenezi. Ikiwa chumba cha kupigia kura kiko ghorofani na hapana njia ila ngazi, Juma atapanda, na Ali atabaki chini, fedha zake mfukoni.

Mtaalamu aliyelieleza sana jambo hili ni Amartya Sen, mwanauchumi aliyezaliwa Bengali, katika nchi ya Uhindi, mwaka 1933, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Katika hotuba aliyoitoa huko Marekani mwaka 1979, aliuliza: tukisema watu wawe sawa, wawe sawa katika kitu gani? Jibu lake lilikuwa uwezo, yaani mambo ambayo mtu aweza kweli kuyafanya, na hali ambazo aweza kweli kuwa nazo: kushiba, kutembea atakako, kusoma, kushiriki katika mambo ya wenziwe. Fedha ni chombo tu cha kupatia hayo, na watu hawalingani katika kukigeuza chombo hicho kuwa maisha.

Kwa hiyo Sen alionyesha kwamba mlemavu hukutana na vizuizi viwili. Cha kwanza ni kizuizi cha kuchuma: ni vigumu kwake kupata kazi na mshahara. Cha pili ni kizuizi cha kugeuza: hata akipata mshahara ule ule, haumfikishi pale unapowafikisha wengine. Kipimo cha pato huona kizuizi cha kwanza, lakini cha pili hakikioni.

Bibi Wiebke Kuklys, aliyesoma Kembriji, alizipima hesabu za Uingereza kwa njia hii. Katika watu wote, karibu 18 kwa kila 100 walikuwa chini ya kiwango cha umaskini. Katika jamaa zenye mlemavu, kwa kutazama pato tu, walikuwa 23. Lakini alipoingiza katika hesabu gharama za kugeuza pato kuwa maisha, walifika 47. Basi twaona kwamba kizuizi kisichoonekana ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini tupime uwezo, tusipime matendo yenyewe? Fikiri juu ya watu wawili wasiokula mchana kutwa. Mmoja amefunga kwa hiari yake; wa pili hana chakula. Tendo ni moja, lakini wa kwanza angeweza kula kama angependa. Haki hutazama tofauti hiyo.

Hata hivyo njia hii ina ugumu wake. Pato huhesabika upesi, bali uwezo hauonekani kwa macho: twaona alilolifanya mtu, hatuoni aliloweza kulifanya akaliacha. Tena, ni uwezo upi uhesabiwe? Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, ameandika orodha ya mambo kumi ambayo kila serikali yapasa kumhakikishia kila mtu, kama uhai, afya ya mwili na nafasi ya kushiriki katika siasa. Sen hakukubali orodha moja ya daima. Aliona afadhali watu wenyewe wajadiliane hadharani na kuchagua.

Maswali
1. Ukipewa shilingi 100,000 kila mwezi za kuwasaidia Juma na Ali, utazigawaje, na kwa sababu gani?
2. Taja jambo moja ambalo Ali hawezi kulipata kwa fedha hizo, ueleze nani yampasa kulitengeneza.