Rezume yako ni ndefu? Vidokezo vya kuikata katika sehemu nne

Huku Musonoi, pembezoni mwa mashimo ya Kolwezi, mwanafunzi akibisha hodi jioni na kompyuta kwapani najua kinachokuja. "Papa, wanataka maneno 250, na yapangwe Usuli, Mbinu, Matokeo na Hitimisho. Mimi nina 412, aya moja tu." Wengine huiita ikisiri, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema rezume. Jina lolote, kazi ni ileile, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayekuja.

1. Weka rangi kabla ya kukata

Chapa rezume yako ya zamani, chukua kalamu nne, upige mstari chini ya kila sentensi kulingana na kazi inayofanya: buluu kwa usuli, kijani kwa mbinu, nyekundu kwa matokeo, nyeusi kwa hitimisho. Usihamishe kitu bado. Tazama tu rangi.

Mfano ninaoupenda unatoka hapahapa Kolwezi. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na muda si mrefu watu wakawa wanachimba uani. Timu ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, ikawapima wakazi. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability, ambalo hutaka aya moja fupi isiyo na vichwa. Ukiitia aya hiyo rangi utaona buluu mwanzoni, nyekundu katikati, buluu tena inayorudi baada ya matokeo, kisha nyeusi mwisho. Kijani karibu haipo: tunaambiwa ni Kolwezi na kwamba kulikuwa na eneo la kulinganishia, basi. Idadi ya watu waliopimwa haimo.

Hilo si kosa lao, ndivyo jarida lilivyotaka. Lakini linakuonyesha kwa nini kupanga upya hakutoshi. Ukiisukuma aya hiyo katika sehemu nne, Mbinu itabaki tupu kama sufuria ya mwisho wa mwezi. Lazima urudi kwenye makala yenyewe ukachote kinachokosekana. Kwa hiyo kabla hujapunguza neno hata moja, utaongeza.

2. Mbinu ijibu maswali matano

Nani, wapi, lini, wamelinganishwa na nani, kimepimwa nini. Kwa Kasulo, ndani ya makala utakuta wakazi 72, wakiwemo watoto 32, waliolinganishwa na watu 25 wa mtaa wa jirani wenye hali ya maisha inayofanana. Vilivyopimwa ni kobalti na metali nyingine katika mkojo na damu, na dalili ya uharibifu wa DNA katika mkojo.

Kama utafiti wako hauhusu watu, maswali ni yaleyale. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi kuhusu metali katika maji na tope la mto Luilu na mto wetu huu wa Musonoi. Katika kazi ya namna hiyo "nani" ni sampuli, na "wamelinganishwa na nani" ni sehemu ya mto ambayo taka za viwanda hazijaifikia. Mwanafunzi aliyeandika "sampuli zilichukuliwa na kuchambuliwa" ametumia maneno manne bila kusema lolote. Ngapi? Juu ya kiwanda au chini yake? Masika au kiangazi? Maji ya mto wakati wa mvua si maji ya mwezi wa nane.

3. Matokeo ni tarakimu, na tarakimu haziendi peke yake

"Kiwango kilikuwa juu sana" ni maneno manne yanayomwacha msomaji palepale. "Mara 10" ni mawili. Ndiyo maana Matokeo ndiyo sehemu inayostahili nafasi kubwa: katika maneno 250 mimi huipa kama 100, Mbinu 70, Usuli 50, na Hitimisho kinachobaki.

Lakini kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulikata haraka mno, nalo ni kipimo cha uhakika. Tazama utafiti mwingine wa ukanda wetu, uliochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Planetary Health: Lubumbashi, watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa zinazoonekana walilinganishwa na wachanga 108 wasio nazo. Baba kufanya kazi ya migodi kulihusiana na uwezekano mkubwa zaidi wa kasoro, uwiano 5.5. Ukiishia hapo, msomaji ataruka kwenye kiti. Ongeza "kati ya 1.2 na 25.0" na atakaa tena, kwa sababu sasa anaona kwamba ukweli unaweza kuwa jambo dogo au jambo kubwa mno. Gharama ni maneno matano, na ukiandika 1.2–25.0 bila nafasi katikati, ni moja.

4. Hitimisho lisitembee mbali kuliko miguu ya utafiti

Kasulo watu walipimwa wakiwa tayari wanaishi machimboni. Hakuna aliyewafuata kwa miaka kuona nani ataugua. Kwa hiyo waandishi walisema uchimbaji huo unaweza kuleta madhara, hawakusema umeua. Neno "huenda" ni moja tu katika hesabu yako. Lisikatwe hata ukiwa umebakiwa na sekunde tano kabla mtandao haujafungwa.

Na ile sentensi ya "utafiti zaidi unahitajika"? Itupe. Kila mtu anajua.

5. Sasa andika, halafu ukate kwa mkasi mdogo

Tuchukue kikomo kigumu kweli: maneno 120, vichwa vikihesabiwa. Hii ni rasimu yangu ya Kasulo kwa Kiswahili:

*Usuli: Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka ukanda wa shaba wa Katanga, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono. Tulichunguza kama wakazi wa mtaa uliogeuzwa machimbo wana kobalti nyingi mwilini kuliko majirani zao.*

*Mbinu: Kolwezi, tulilinganisha wakazi 72 wa Kasulo, wakiwemo watoto 32, na watu 25 wa mtaa jirani wenye maisha kama yao. Tulipima kobalti na metali nyingine katika mkojo na damu, pamoja na dalili ya uharibifu wa DNA katika mkojo.*

*Matokeo: Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto: kobalti katika mkojo wa watoto wa Kasulo ilikuwa takribani mara 10 ya ile ya wenzao. Watoto hao walionyesha pia uharibifu wa DNA uliohusiana na kobalti.*

*Hitimisho: Uchimbaji wa mikono katikati ya makazi huenda unadhuru afya ya wakazi, hasa watoto.*

Hesabu: 130. Kumi yamezidi. Mtu mwenye haraka angefuta sentensi nzima ya DNA na kumaliza kazi, lakini hiyo ndiyo habari ambayo msomaji hataipata kwingine. Mimi natafuta maneno yanayosemwa mara mbili. "Kobalti katika mkojo wa watoto wa Kasulo ilikuwa takribani mara 10 ya ile ya wenzao" inakuwa "kwenye mkojo kobalti yao ilikuwa takribani mara 10 ya wenzao": matano yameondoka. "Pamoja na dalili ya uharibifu wa DNA katika mkojo" inabaki "na dalili ya uharibifu wa DNA": matatu. Kwenye Usuli, "na sehemu yake huchimbwa kwa mikono" inakuwa "sehemu yake kwa mikono": mawili. Tumefika 120, na hakuna tarakimu iliyoanguka.

Bado ukizidi, rudi kwenye Usuli. Ndiyo ya kwanza kupungua, kwa kuwa anayesoma kuhusu kobalti hahitaji kuambiwa betri za magari zinatengenezwa na nini.

6. Jua mashine inahesabu vipi

Word huhesabu kilicho kati ya nafasi na nafasi. "n = 72" ni maneno matatu, "n=72" ni moja. Kiswahili kinatufaa hapa, maana "hatukuwapima" ni neno moja, huku Kiingereza kikihitaji matano. Ila usijidanganye: ukilazimika kuituma kwa Kifaransa au Kiingereza, rezume ya Kiswahili yenye maneno 240 inaweza kuvuka 250. Kata katika lugha utakayotumia kutuma. Angalia pia kama kikomo ni cha maneno au cha herufi, na kama vichwa vinahesabiwa.

Kwa nini majarida ni makali hivi? Wazo la rezume yenye vichwa lilienezwa na kundi la madaktari lililoongozwa na Brian Haynes wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1987, ili daktari aone haraka kama utafiti unamfaa mgonjwa wake. Kikomo nacho kilikuwa na meno. Fungua PubMed utafute makala za miaka ya 1980, utakutana na rezume zinazokatika ghafla kwa maandishi haya: `(ABSTRACT TRUNCATED AT 250 WORDS)`. Kilichopotea ni mwisho, yaani hitimisho lenyewe.

7. Soma majina ya vichwa vyao, si vya kwako

Lancet haiandiki Matokeo na Hitimisho kama wengine. Huita Yaliyobainika na Tafsiri, kisha hudai kichwa cha tano, Ufadhili, ambacho nacho hula maneno. Fungua makala ya karibuni ya jarida unalolitaka, unakili vichwa vilivyo.

8. Mwisho kabisa, kidole kwenye jedwali

Mwaka 1999 jarida la JAMA lilichapisha ukaguzi wa rezume katika majarida sita makubwa ya tiba. Kutegemea jarida, kati ya asilimia 18 na 68 ya rezume zilikuwa na tarakimu zisizolingana na makala au zisizopatikana humo kabisa. Hao ni wazoefu. Kwa hiyo mwite mwenzako, yeye ashike rezume na wewe ushike majedwali. Asome tarakimu moja moja kwa sauti, wewe uiguse kwa kidole ilipo. Isipoguswa, inafutwa au inasahihishwa.

Yule binti wa maneno 412 alisoma hivyo hapa mezani kwangu, umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni mwa mdogo wake. Watoto 32 kwenye rezume yake walikuwa 23 kwenye jedwali.